Mgonjwa anayekataa sindano: tuulize ana ugonjwa gani, au kama anaweza kuamua?

Mwaka 1993 mzee wa miaka 68, mgonjwa wa skizofrenia aliyekuwa akishikiliwa katika hospitali ya Broadmoor huko Uingereza, alianza kuoza mguu. Daktari wa upasuaji alimweleza bila kumficha: asipokatwa chini ya goti, nafasi ya kupona ilikuwa kama asilimia 15. Mzee akakataa. Alisema yuko radhi kufa na miguu yake miwili. Huyu alikuwa mtu aliyeamini kwa dhati kwamba yeye mwenyewe ni tabibu mashuhuri duniani ambaye hajawahi kupoteza mgonjwa, na ungetegemea mahakama imwambie anyamaze, akatwe, apone.

Haikuwa hivyo. Jaji Thorpe alikubali kwamba ugonjwa anao na fikra za ukuu anazo, lakini akasema hayo siyo yaliyoulizwa. Kilichoulizwa ni kama mzee anaelewa anachoambiwa juu ya mguu wake, kama anakiamini, na kama amekipima mpaka akafikia uamuzi. Akaona amefanya yote matatu. Mahakama ikapiga marufuku mguu huo kukatwa bila idhini ya mzee kwa maandishi. Akatibiwa kwa njia nyingine, na hatari ile ikapita.

Wanasheria huisimulia kesi hii, inayojulikana kwa herufi C, kama ushindi wa mgonjwa. Mimi huwa inanisumbua kwa upande wake wa pili. Kwa mujibu wa kifungu cha 63 cha Sheria ya Afya ya Akili ya Uingereza ya 1983, mtu aliyelazwa kwa lazima anaweza kupewa matibabu ya ugonjwa wake wa akili bila idhini yake. Kwa dawa, baada ya miezi mitatu ndipo hutakiwa ama idhini yake ama daktari wa pili akubaliane na wa kwanza. Akikataa, kuelewa kwake na kupima kwake hakuzuii kutibiwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtu yuleyule, juu ya kitanda kilekile, alikuwa na neno la mwisho juu ya msumeno na hakuwa nalo juu ya sindano.

Hapo ndipo ulipo mgogoro ambao kamati yoyote inayopitia sheria ya afya ya akili haiwezi kuukwepa. Kuna njia mbili za kuamua nani atibiwe kwa nguvu. Ya kwanza nitaiita kigezo cha hali. Inauliza kama mtu ana ugonjwa wa akili na, akiwa nao, kama ni hatari au anahitaji tiba. Majibu yakiwa ndiyo, kukataa kwake hakuhesabiwi tena. Ya pili ni kigezo cha uwezo. Hii haianzii kwenye jina la ugonjwa. Inauliza kama mtu huyu, kwa sasa, juu ya uamuzi huu mmoja, anaweza kuamua. Akiweza, anasikilizwa hata kama anakosea. Asipoweza, wengine wanaamua kwa niaba yake, iwe kilichomwondolea uwezo ni skizofrenia, malaria iliyopanda kichwani au ajali ya bodaboda.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea njia ya kwanza kiasi kwamba wengi hawajui ipo ya pili. Hata hivyo mbegu ya njia ya pili imekuwa ndani ya sheria zetu muda mrefu, imelala. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya 1989, katika kifungu chake cha 14 kama kilivyoandikwa mwanzo, iliruhusu kumlaza bila ridhaa mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye huenda akanufaika na tiba lakini ambaye kwa wakati huo hawezi kueleza kama anataka au hataki kutibiwa. Muda ulikuwa miezi sita, na ukiongezwa usizidi kumi na miwili kwa jumla. Maneno hayo hayakutungwa Nairobi. Yametoka karibu neno kwa neno kwenye sheria ya Uingereza ya 1930, ambayo Waingereza wenyewe waliifuta mwaka 1959.

Ukikisoma kifungu hicho kwa makini unaona kwamba kilimlenga mtu aliyezama mpaka hawezi kusema lolote. Aliyesema wazi "sitaki" hakuwamo. Na wodini, ukweli unaojulikana na kila muuguzi ni kwamba wengi wanaoletwa kwa nguvu husema "sitaki" kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Ilibidi basi mmoja apindwe, kifungu au mgonjwa. Kwa desturi, kusema "sitaki" kulihesabiwa kuwa ni ushahidi wenyewe wa kutoweza kusema. Pembeni yake kulikuwa na kifungu cha 16, kilichompa polisi mamlaka ya kumchukua mtu anayeaminika kuwa na ugonjwa wa akili na kuwa hatari kwake au kwa wengine, au anayeelekea kutenda jambo la kuudhi staha ya umma. Staha ya umma! Yaani mtu aliyevua shati sokoni aliwekwa kapu moja na aliyeshika panga.

Mabadiliko ya 2022 yaliandika upya sehemu kubwa ya sheria hiyo na kuingiza haki za mgonjwa ambazo awali hazikuwamo. Tanzania nayo ilikuwa imeshaachana na sheria yake ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Lakini haki kuwa kwenye karatasi ni jambo moja, na kigezo kinachofungua mlango wa wodi ni jingine. Kamati inayotaka kujua sheria yake iko upande gani isiangalie orodha ya haki. Iangalie fomu ambayo daktari anajaza saa tisa usiku na kuuliza ni swali gani lililo juu kabisa.

Tuingie wodini. Wagonjwa nitakaowataja ni wa kubuni, ila kila aliyefanya kazi huko atawatambua. Juma na Salome wako hospitali moja ya rufaa, wodi ya wanaume na ya wanawake zikitenganishwa na ukuta. Wote wawili wameandikiwa skizofrenia. Wote wameletwa na ndugu zao baada ya majuma ya kutolala na kuzungumza peke yao. Wote wameandikiwa sindano ya modeketi, ile inayochomwa mara moja na kukaa mwilini majuma kadhaa. Na wote wameikataa.

Chini ya kigezo cha hali, mafaili yao yanafanana. Ugonjwa upo. Haja ya tiba ipo. Sahihi ya ndugu ipo. Wauguzi wanne wanaitwa, mgonjwa anashikwa, sindano inaingia. Anayetaka kujua kwa nini walikataa hatapata jibu kwenye faili, maana hakuna sehemu iliyotakiwa kujazwa. Litakuwamo neno moja tu la kitaalamu, kwamba mgonjwa hautambui ugonjwa wake.

Sasa tuwaulize. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kina hatua nne, na sheria ya uwezo ya Uingereza ya 2005 imeziweka vizuri: je, mtu anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi, anaweza kuyashika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua, anaweza kuyatumia na kuyapima, na anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kutikisa kichwa.

Daktari anakaa na Juma. "Kaka Juma, nimekueleza sindano hii ni ya nini. Hebu nieleze kwa maneno yako." Juma anaeleza vizuri kabisa: ni ya kutuliza sauti, inakaa mwezi, inaweza kuleta mtetemeko. Anaelewa. Anakumbuka. Daktari mvivu angeishia hapo na kuandika kwamba uwezo upo. Lakini anaendelea: "Usipochomwa, unaona itakuwaje?" Juma anainama na kunong'ona kwamba sista wa zamu ya usiku ni ndugu wa waliomnyang'anya shamba, kwamba kilichomo kwenye chupa ni sumu, na kwamba sauti za ukutani zimemthibitishia hivyo. Kila faida anayoelezwa inapita kwenye kichujio hicho na kutoka ikiwa hila. Hatua ya tatu imekatika. Juma anajua maneno yote ya uamuzi, lakini hawezi kuyaweka kwenye mizani, kwa sababu mizani yenyewe imeshikwa na ugonjwa.

Salome naye ana fikra zisizo za kawaida. Anaamini majirani wanasoma mawazo yake. Lakini akiulizwa juu ya sindano, anasema: "Daktari, mwaka juzi mlinichoma hiyohiyo. Taya likanikaza siku mbili, nikatetemeka hata kikombe sikuweza kushika. Mimi nashona kwa kuishi. Vidonge nitameza, mama yangu atavisimamia. Nikirudi kuugua najua nitaletwa tena." Hapa kila kitu kimepimwa: madhara yaliyomkuta, riziki yake, njia mbadala, na hatari ya kurudia. Daktari anaweza kuona vidonge ni chaguo dhaifu, maana watu husahau. Lakini hilo ni tofauti ya maoni kati ya watu wawili wazima, na hospitali hiyohiyo isingemshika kwa nguvu mgonjwa wa kisukari anayekataa insulini.

Jambo ambalo wanakamati hukosea hapa ni kudhani kwamba kigezo cha uwezo ni kumwachia kila mgonjwa ajiamulie. Sivyo. Juma angechomwa leo hii chini ya vigezo vyote viwili. Kilichobadilika ni Salome, na ni faili la Juma, ambalo sasa lina maneno yake mwenyewe ambayo bodi au hakimu anaweza kuyasoma na kuyahoji. Ukitaka kujua kama kipimo kinafanywa kweli au kinagongwa muhuri tu, chukua mafaili 20 na utafute sentensi iliyotoka kinywani mwa mgonjwa. Ukikuta tu maneno "hana uwezo", yakifuatiwa na jina la ugonjwa, kigezo cha hali kimerudi kupitia mlango wa nyuma.

Na kipimo hiki kinafanyika. Watafiti wa London walipowapima watu waliolazwa kwenye hospitali za magonjwa ya akili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliona asilimia 60 hawakuwa na uwezo wa kuamua juu ya tiba yao wakati ule. Kwa waliolazwa kwa lazima ilikuwa asilimia 86. Hiyo ina maana kwamba hata miongoni mwa walioingizwa kwa nguvu ya sheria, wapo walioweza kuamua na hawakuulizwa.

Lakini takwimu ninayotaka wanakamati waikodolee macho ni nyingine ndani ya utafiti huohuo: kati ya waliolazwa kwa hiari, asilimia 39 hawakuwa na uwezo. Hawa hawakupiga kelele. Walisema ndiyo, au hawakusema kitu, wakapelekwa kitandani. Kigezo cha hali hakiwaoni kabisa, kwa kuwa kinaamshwa na ukaidi tu. Mgonjwa mtiifu anayetia kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa anahesabiwa mwenye hiari, na hana bodi, hana rufaa, hana tarehe ya kupitiwa upya. Afrika Kusini wameliona hili. Sheria yao ya 2002 ina kundi la kati: mtu asiyeweza kuamua lakini asiyekataa. Analazwa kama mtumiaji anayesaidiwa, siyo kama mwenye hiari, na kesi yake hupelekwa kwenye bodi ya mapitio. Kwa anayekataa, sheria hiyo inadai mambo kwa pamoja: awe na ugonjwa, kuwe na hatari ya madhara makubwa au tishio kwa mali au heshima yake, na awe hawezi kuamua kwa ufahamu. Hapo hatari haitoshi peke yake. Nawashangaa wanaosema kigezo cha uwezo ni cha nchi tajiri. Kimekuwa kwenye vitabu vya sheria vya bara hili zaidi ya miaka 20.

Swali gumu kuliko yote ni la mtu wa tatu, ambaye hayumo kwenye mfano wangu: mwenye ugonjwa, mwenye uwezo, na anayetisha. Baba anasimama mbele ya kamati na kusema, mwanangu anazungumza vizuri kuliko ninyi, anajua kila kitu, na jana usiku alilala na panga. Mtamwacha?

Ninavyoona mimi, kamati ikatae kumjibu kwa haraka. Kwanza iulize kama kweli uwezo upo, maana mara nyingi aliyelala na panga amelala nalo kwa sababu hatua ya tatu imekatika kama ya Juma, na kujieleza vizuri kumemficha. Uwezo ukiwapo kweli, basi huyu ni mtu anayetishia watu akijua anachofanya, na sheria ya jinai inamhusu kama inavyomhusu jirani asiye na cheti cha daktari. Hatuwafungii walevi wapigaji wake zao kwa miezi sita kwa sababu ya kile wanachoweza kufanya mwezi ujao, ingawa tunajua fika wengi watakifanya. Kumfungia mtu kwa utabiri, kwa kuwa tu ana ugonjwa wa akili, ni kumwekea sheria yake peke yake.

Na utabiri wenyewe ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kati ya wagonjwa 1,000 wapo 10 watakaomdhuru mtu vibaya mwaka ujao, na tuna daktari hodari anayewatambua 8 kati ya hao 10, na anayekosea kwa watu 2 tu kati ya kila 10 wasio na hatari. Atawanyooshea kidole wale 8, lakini pia watu 198 ambao wasingemdhuru yeyote. Sheria itakuwa imewafungia watu 206 ili kuwapata 8, na wawili bado wako mtaani. Hii siyo dosari ya daktari. Kitu kinapokuwa nadra, hata jicho zuri, kwa wale linaowanyooshea kidole, hukosea zaidi kuliko linavyopatia.

Hata hivyo dharura ipo, na sheria isiyoiona itavunjwa siku ya kwanza. Norwe ni nchi ya kujifunza hapa. Kamati yao ilipendekeza kigezo cha uwezo mwaka 2011, na kuanzia 1 Septemba 2017 mtu mwenye uwezo wa kuamua hakuruhusiwa kuwekwa chini ya tiba ya lazima, isipokuwa pawe na hatari ya karibu na kubwa kwa uhai wake, au kwa uhai au afya ya wengine. Mlango huo mwembamba wa dharura naona ni sawa, ilimradi uwe wa kumshikilia mtu kwa saa na siku, usiwe njia ya mkato ya kumchoma dawa ya mwezi mzima.

Lakini Norwe ilikutana na kitu ambacho watunga sheria hawakujiandaa nacho vizuri. Mtu anaugua, anapoteza uwezo, anatibiwa kwa lazima, dawa inafanya kazi, uwezo unarudi. Sasa sheria inasema huru. Anaamua, akiwa na akili timamu, kuacha dawa. Baada ya miezi kadhaa anaporomoka tena, na ndugu zake wanaambiwa wasubiri mpaka aporomoke vya kutosha. Familia na madaktari wengi walilalamika, na serikali ikaunda kamati ya wataalamu iliyotoa ripoti yake mwaka 2023. Kamati hiyo haikuutupa msingi wa uwezo. Mjadala ukahamia kwenye kiwango cha uthibitisho: je, kukosa uwezo kuwe dhahiri kabisa kabla ya kuingilia, au itoshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa hana?

Hili ndilo jambo ambalo kamati zetu zingeweza kulipita haraka zikidhani ni la kiufundi, ilhali ndilo linaloamua nani alale wapi. Ukidai uwezo ukosekane waziwazi, anayeporomoka taratibu atabaki nyumbani mpaka afikie shimoni, na kwetu sisi shimo hilo huwa kamba chini ya mwembe, kwa sababu hospitali iko mbali na ndugu wamechoka. Ukilegeza mno, daktari ataona kukosa uwezo kwa kila anayembishia. Mimi nasimama kwenye uwezekano mkubwa zaidi, kwa masharti mawili: atakayepima asiwe yule aliyeomba mgonjwa alazwe, na kipimo kirudiwe kila baada ya muda mfupi uliotajwa kwenye sheria, kwa sababu uwezo huja na kuondoka.

Kwa mzunguko wa kupona na kuporomoka, dawa yake naiona kwenye kipindi kile cha katikati ambacho Norwe ilikiacha wazi. Mgonjwa akisharudiwa na uwezo, kabla ya kutoka, akalishwe na kuulizwa: hali ikirudi, utakuwa unaonyesha dalili gani, tukuchome nini, tusikuchome nini, nani asimame kwa niaba yako? Yaandikwe, atie sahihi, na yawe na nguvu ya sheria. India iliruhusu maagizo ya namna hii katika sheria yake ya 2017. Salome angeandika vidonge, na angeandika kwamba asipolala siku nne mama yake ana ruhusa ya kumleta hata akigoma. Hapo lazima inayotumika baadaye ni ya Salome mwenyewe. Watafiti walewale wa London waliporudi kwa wagonjwa waliokuwa wamerejewa na uwezo, asilimia 83 walisema uamuzi uliofanywa kwa niaba yao ulikuwa sahihi. Kwa ambao uwezo haukurudi, walioridhia walikuwa nusu tu ya kiwango hicho, asilimia 41. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuchagua uwezo: kinachofanywa mtu akiwa hawezi kuamua, mara nyingi hukubaliwa na mtu yuleyule anapoweza.

Kuna watakaosema hata hii haitoshi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, mkataba ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009, ilitoa maoni yake mwaka 2014 kwamba kumpima mtu uwezo na kumwondolea sauti kwa msingi huo nako ni ubaguzi, na kwamba kinachotakiwa ni kumsaidia aamue, siyo kumwamulia. Naiheshimu hoja hiyo katika sehemu moja muhimu: kabla ya kuandika kwamba mtu hawezi kuamua, lazima uonyeshe ulimsaidiaje aweze. Ulizungumza naye kwa Kiswahili, Kikamba au Kisukuma anachokielewa, au kwa Kiingereza cha vitabuni? Ulimpima saa moja baada ya lagaktili, akiwa anasinzia? Ulimwita dada yake anayemwamini? Lakini kuifuata mpaka mwisho kungemaanisha kumwacha Juma na sumu yake ya kufikirika mpaka ugonjwa ummalize, na sijasikia jibu linaloniridhisha juu ya hilo.

Pingamizi ninaloliogopa kweli ni la fedha. Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyothubutu kuliko wote. Baada ya mapitio yaliyoanza mwaka 2002, mwaka 2016 ilipitisha sheria moja ya uwezo kwa kila mtu wa miaka 16 na kuendelea, mguu na akili pamoja, kwa kusudi la kuondoa sheria ya afya ya akili iliyosimama peke yake. Kwenye karatasi hakuna iliyo safi kama hiyo. Lakini mwaka 2019 vilianza kutumika vipande tu, na wagonjwa wakaendelea kulazwa chini ya Amri ya zamani ya Afya ya Akili ya 1986. Kipimo cha haki kinataka watu wa kupima, muda wa kupima na bodi za kupitia, na hivyo vina bei. Sisi tuna wilaya na kaunti zisizo na hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili. Kamati itakayoandika kwamba kila kipimo kifanywe na daktari bingwa itakuwa imeandika sheria ya Nairobi na Dar es Salaam peke yake.

Ndiyo maana siombi sheria moja kubwa. Naomba wanakamati waweke kigezo cha uwezo kwenye sheria iliyopo. Wamruhusu afisa tabibu na muuguzi wa afya ya akili aliyefunzwa kukipima, na bodi ya kaunti au ya mkoa ikipitie ndani ya siku zinazohesabika. Waondoe staha ya umma na kila kifungu kinachomfungia mtu kwa mwonekano wake. Watenganishe ruhusa ya kumshikilia mtu na ruhusa ya kumchoma dawa, kila moja na sahihi yake. Na kwenye fomu, juu ya mstari wa sahihi ya daktari, waweke nafasi ya mistari mitano ambayo lazima ijazwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa lugha aliyoyasemea. Fomu yenye nafasi hiyo tupu isimlaze mtu.